Ripoti ya bajeti inasema tumebakiza milioni 12, hesabu za mwaka zinasema tunadaiwa 21. Ipi ndio kweli?

kasma_tupu
Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa na kila nikimuuliza mtu ofisini ananijibu "ndivyo tunavyofanya siku zote" alafu anaondoka. Mimi nimetoka kampuni binafsi, nina miezi saba tu serikalini, kitengo cha hesabu. Tumefunga mwaka wa fedha. Kasma yetu, yaani fungu letu la bajeti, ya vifaa vya maabara ilipitishiwa milioni 100 na mwaka mzima tumelipa milioni 88, kwahiyo ripoti ya utekelezaji wa bajeti inaonyesha imebaki 12, bosi kaipeleka juu kwa moyo mkunjufu kabisa kwamba tumetumia ndani ya bajeti.

Sasa mimi ndio naandaa hesabu za mwaka kwa akruali. Gharama ya vifaa hivyohivyo inakuja 79, na kwenye mizania kuna wazabuni wanatudai 21. Kama tumebakiza 12 mbona tunadaiwa 21? Na kama gharama ni 79 tu, ile 88 imekwenda wapi? Nilikotoka kulikuwa na faida au hasara, namba moja, basi. Hapa nina namba nne mezani na sijui ipi ni ya uongo.

Leja Kuu
Mkuu jibu ni fupi, ya kweli ni 79. Uhasibu wa keshi unaandika jambo pale hela inapoingia au kutoka tu, haujali huduma ulipokea lini wala unadaiwa nani, ndio maana hiyo 88 haikwambii chochote cha maana. Akruali inaandika gharama pale ulipotumia kitu, iwe umelipa au hujalipa. Kwa maoni yangu serikali zote zingehamia akruali na hizi ripoti za bajeti zikaachwa kabisa, kampuni mbona zinaendeshwa bila huo mzigo wa kasma na vifungu na mambo yanaenda.

Mzee wa Vocha
Leja Kuu hapo mwanzo uko sawa, hapo mwisho umeteleza, ntarudi kwako. Kijana mwanzisha uzi, kabla sijasema lolote nijibu maswali manne. Katika hiyo 88 mliyolipa, kiasi gani kilikuwa madeni ya mwaka uliotangulia? Kuna mashine au kitu cha kudumu mlichonunua humo? Kuna oda mmeshatoa na mzigo haujafika? Na hela mliyopokea toka hazina kwa kasma hiyo ni kiasi gani, maana sio lazima iwe 100?

Nyota_ya_Jioni
Samahani mimi sio mhasibu lakini naona jambo rahisi tu, hiyo 12 iliyobaki si mngewalipa hao wanaodai 21 ibaki 9? Hela ipo mnakaa nayo ya nini wakati watu wanadai?

saplaya_mvumilivu
Huu uzi umenigusa. Mimi nilipeleka mzigo kwenye taasisi moja ya serikali, sitaitaja, mwaka wa pili huu sijalipwa. Nikienda naambiwa "bajeti ya mwaka ule iliisha". Mwaka huo huo ripoti yao niliisoma, imeandikwa wana bakaa. Sasa leo nasoma hapa ofisi nyingine inasema imebakiza 12 na inadaiwa 21. Naombeni mtu anieleze inawezekanaje mtu abakize hela na awe hana hela ya kunilipa.

kasma_tupu
Mzee asante sana. Nimepekua mafaili. Kwenye 88, milioni 14 zilikuwa invoisi za mwaka uliopita, tulizilipa mwezi wa kwanza wa mwaka wa fedha. Milioni 20 ni mashine moja ya maabara, ilifika wiki ya kwanza, tumeiwekea maisha ya miaka mitano. Oda ambayo mzigo haujafika ni moja, ya milioni 6. Hela tuliyopokea ni 90, ile 2 iliyobaki imerudishwa hazina mwisho wa mwaka. Stoo haina kitu, vilivyopokelewa vyote vimetumika.

Mzee wa Vocha
Vizuri, sasa picha imekamilika. Hakuna namba ya uongo hata moja hapo, kila moja inajibu swali lake, shida ni kwamba swali kubwa kuliko yote hakuna aliyeliuliza.

Anza na 88. Hiyo ni hela iliyotoka benki, full stopu. Humo ndani kuna 14 ya vitu mlivyotumia mwaka uliotangulia na kuna 20 ya mashine itakayofanya kazi miaka mitano. Sasa nenda kwenye 79 kwa mguu: chukua 88, toa 14 kwasababu sio gharama ya mwaka huu, toa 20 kwasababu mashine ni mali, unabaki na 54. Ongeza 21 za mzigo mliopokea na kuutumia bila kulipa, inakuwa 75. Ongeza uchakavu wa mashine wa mwaka mmoja, 20 gawa kwa mitano ni 4, unapata 79. Hesabu zako ziko safi kijana, usiogope.

Lakini sasa fungua daftari la kasma, lile ambalo kila oda inatakiwa iandikwe siku inapotolewa. Bunge liliwaruhusu 100. Mmelipa 88, mnadaiwa 21 kwa mzigo ulioshapokelewa, na mmemwahidi mtu mwingine 6. Jumla 115. Mmeiingiza serikali kwenye ahadi za milioni 15 zaidi ya mlichoruhusiwa. Ripoti ya keshi inasema mmebakiza 12, hesabu za akruali zinasema mmetumia 79 ambayo ni chini hata ya hiyo 88, ukizisoma hizo mbili tu unaweza kupongezwa mara mbili na huku ukomo mmeshauvunja. Hiyo 115 ndio namba ambayo ofisini kwenu haipo kwenye karatasi yoyote.

kasma_tupu
Mzee hapo umenishtua. Lakini tulipoagiza sisi tulipiga hesabu, tukaona tunaingia. Nimejumlisha tena vya mwaka huu: vilivyolipwa ni 74 ukitoa yale madeni ya zamani, na 21, na 6, ni 101. Tulikosea kwa 1 tu, sio 15.

Mzee wa Vocha
Ndio hapohapo. Bajeti yenu iliandikwa kana kwamba mwaka mnauanza mikono mitupu. Ile 14 haikuwepo kwenye mpango, lakini ilipolipwa ilikula ruhusa ya mwaka huu, mkabaki na 86 bila kujua. Mkaendelea kuagiza kana kwamba mna 100. Na mwaka ujao mnaanza na 21 badala ya 14. Mkipitishiwa 100 tena, yenu halisi ni 79 (ni bahati mbaya tu inafanana na ile 79 nyingine, msizichanganye). Mahitaji hayapungui, mtaagiza vya 100 tena, na mwisho wa mwaka deni litakuwa kubwa zaidi, hivyohivyo kila mwaka. Madeni mengi ya wazabuni niliyoyaona kwenye kazi yangu hayakuanza na wizi, yalianza hivi.

Na sasa dada Nyota na kaka saplaya, swali lenu ni moja. Ile 12 sio hela. Ni ruhusa ambayo haikutumika. Serikalini kuna vitu viwili tofauti, idhini ya bunge kwamba waweza kutumia mpaka kiasi fulani, na pesa yenyewe ambayo hazina inaileta kidogokidogo kadri makusanyo yanavyoingia. Hawa waliruhusiwa 100, wakaletewa 90, wakalipa 88, 2 ikarudi. Hata wangetaka kulipa wangelipa hiyo 2 tu. Alafu usiku mwaka wa fedha unapoisha ile ruhusa iliyobaki inakufa, ukiamka asubuhi 12 haipo tena, ila deni la 21 lipo palepale na sasa litalipwa kwa ruhusa ya mwaka mpya. Ndio maana mtu anakwambia bajeti iliisha na ripoti inasema ilibaki, na wote hawajadanganya.

saplaya_mvumilivu
Nimeelewa, japo haijanipunguzia maumivu. Yaani mimi nimewakopesha miaka miwili bila riba na kwenye ripoti yao ya keshi sipo kabisa, sionekani.

dada_odita
Kaka saplaya hilo la kutoonekana ni kweli kabisa na ndio udhaifu mkubwa wa keshi. Kiwango cha IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, cha msingi wa keshi kilitoka 2003 kikarekebishwa 2017, sehemu yake ya kwanza ndio ya lazima na inahusu mapokezi, malipo na salio la fedha. Mambo ya madeni na mali yako sehemu ya pili, ile ya kuhimizwa tu, taasisi ikiamua kutoyaonyesha haijavunja kiwango. Kwahiyo taasisi inaweza kuwa na deni refu na ikapata hati safi bila kosa la odita.

Naomba nikuulize kitu. Oda yako ilikuwa na tarehe gani ukilinganisha na hati ya kupokelea mzigo?

saplaya_mvumilivu
Nilipigiwa simu kwanza dada. Wakasema mzigo unahitajika haraka, leta, karatasi zitafuata. Nikapeleka. Oda nilikuja kupewa baada ya miezi minne, tarehe yake ni ya baadae.

dada_odita
Nilijua. Wakati unapigiwa simu kasma yao ilikuwa imejaa, mfumo ungegoma kutoa oda, ndio maana wakapita pembeni kwa simu wakisubiri mwaka mpya ufunguke waingize oda juu ya ruhusa mpya. Kwenye mfumo wewe ni ununuzi wa mwaka mpya, uhalisia ni deni la mwaka wa zamani. Tunza hati ya kupokelea mzigo yenye saini na mhuri wa stoo, hiyo ndio inathibitisha lini waliupokea, oda haitakusaidia hapo.

Kwa wahasibu wenzangu, hili halifichiki ukijua pa kushika. Mimi nikifika kwenye taasisi nachukua malipo ya miezi miwili mitatu ya mwanzo wa mwaka mpya, natoa vocha moja moja, naangalia tarehe ya invoisi na tarehe ya kupokelea mzigo. Chochote kilichopokelewa kabla mwaka haujaisha kilitakiwa kiwe kwenye orodha ya madeni, kama hakimo nimeshapata. Alafu natafuta mahali ambapo mzigo umetangulia oda yake, maana kwa utaratibu wa kawaida oda ndio inatangulia. Alafu nawaandikia wazabuni wenyewe wanipe taarifa ya wanachodai, moja kwa moja kwangu, sio kupitia ofisi. Hapo ndipo vitabu vya taasisi na vitabu vya watu wa nje vinapokutana, na mara nyingi havifanani. Kitabu cha stoo nacho kinasaidia, mtunza stoo huwa anaandika kweli kwasababu yeye anaogopa upungufu wa mzigo, hana habari na kasma.

Leja Kuu
Sawa nakubali ile 115 sikuiona. Lakini bado sielewi kwanini ukomo wa bunge uwe mtakatifu kiasi hicho. Kampuni ikizidisha bajeti ya idara moja na ikapata faida nyingine, hakuna anayelia. Bajeti ya kampuni ni mpango tu.

Mzee wa Vocha
Ndio tofauti yenyewe hiyo ndugu yangu. Kampuni ikitumia zaidi, mwenye hisa anaona mwisho wa mwaka kama biashara imelipa. Mauzo yanamwambia. Serikali haiuzi, hakuna namba ya mwisho inayosema matumizi yale yalikuwa sahihi au la, na anayelipa hana hiari, kodi ni lazima. Kwahiyo kizuizi hakiwezi kuja mwishoni, inabidi kiwekwe mwanzoni, kabla hela haijaguswa. Waingereza walipigana na wafalme wao juu ya jambo hili mpaka 1689 ikaandikwa kwenye sheria kwamba kutoza hela bila idhini ya bunge ni haramu. Hatua iliyofuata ni ileile, kama bunge ndio linaruhusu hela ikusanywe basi bunge liseme pia itumike kwa nini, kiasi gani na mpaka lini. Hayo matatu ndio kasma. Ukitumia hela ya maabara kununua magari, hata kama kiasi hakijazidi umevunja. Ukitumia mwaka uliofuata bila ruhusa mpya umevunja. Marekani wana sheria ya zamani ya kuzuia upungufu ambayo inakataza mtumishi kuingia ahadi zaidi ya fungu lake, na angalia hapo, wameweka ukomo kwenye kuahidi, hawakusubiri kulipa. Ukimzuia mtu kwenye kulipa tu umechelewa, mzigo ulishapokelewa, utamnyima haki yake huyu kaka yetu saplaya.

dada_odita
Nakazia hapo ila niongeze kwamba sio nchi zote ziko hivyo. Kuna sehemu ukomo unapimwa kwa malipo tu. Kwa sheria ya namna hiyo ofisi ya mwanzisha uzi wamelipa 88 chini ya 100, hawajavunja kitu, ile 115 ni tatizo la usimamizi na sio la kisheria. Kwahiyo kijana kabla hujamwambia bosi kavunja sheria soma kwanza sheria yenu ya fedha za umma inasema ukomo uko wapi.

Mzee wa Vocha
Dada uko sahihi, nilikimbia. Lakini hata pale ambapo sio kosa kisheria, deni ni deni.

kasma_tupu
Swali jingine. Kama ahadi zinahesabiwa siku ya oda, vipi mradi wa miaka mitatu? Tuna jengo la maabara linakuja, mkataba wa milioni 300. Tukiandika ahadi yote siku ya kusaini tutakuwa tumezidisha fungu la mwaka wa kwanza mara tatu.

Mzee wa Vocha
Swali zuri sana hilo na wengi wanalikwepa kwa kukata mkataba vipandevipande, jambo ambalo linakuja kuwaletea kesi na mkandarasi. Ufaransa walilitatua kwa kuweka safu mbili kwenye bajeti, kwa sheria yao ya bajeti ya 2001 iliyoanza kutumika kikamilifu 2006. Safu ya kwanza ni idhini ya kuingia ahadi, ya pili ni idhini ya kulipa. Kwa jengo lenu mwaka wa kwanza ungekuwa na 300 kwenye safu ya ahadi na labda 100 kwenye safu ya kulipa, mwaka wa pili ahadi sifuri na kulipa 100, na wa tatu hivyohivyo. Bunge linaona toka siku ya kwanza kwamba likikubali 100 mwaka huu limeshakubali 200 za mbele. Ambako safu ni moja, mbunge anaona 100 anadhani ndio bei ya jengo.

Leja Kuu
Nimesoma yote na nimebadilika kidogo lakini sio kote. Kama shida ni kwamba bajeti iko kwa keshi na hesabu ziko kwa akruali, dawa si kuweka bajeti yenyewe iwe kwa akruali? New Zealand walifanya, sheria yao ya 1989, bunge linaidhinisha gharama na sio malipo. Hapo mhasibu wetu angekuwa na lugha moja, deni la 21 lingekula ruhusa mwaka uleule lilipozaliwa, na ule mchezo wa kusukuma invoisi mwaka ujao unakufa wenyewe. Mchezo wa upande wa pili pia, ule wa kulipa saplaya siku ya mwisho kabla hajaleta mzigo ili fungu lisife. Kwenye keshi hiyo inaonekana matumizi, kwenye akruali inakaa kama malipo ya awali, haihesabiki mpaka mzigo ufike.

Mzee wa Vocha
Hoja nzito hiyo, siwezi kuikataa. Mimi kinachonitia wasiwasi ni uchakavu. Kwenye bajeti ya akruali bunge linaidhinisha ile 4 ya mashine, na hiyo 4 hakuna anayelipwa. Ni ruhusa isiyo na hela. Siku idara ikibanwa ikaomba kuhamisha ruhusa ya uchakavu kwenda kwenye safari au mishahara, karatasi inabalansi lakini hazina inatoa hela halisi ambayo haikupangwa. Waingereza waliliona wakaweka uzio, uchakavu una fungu lake na hauhamishwi kwenda kwenye matumizi mengine, na bado bunge lao linapiga kura ya kiasi cha fedha taslimu pembeni. Kwahiyo hata aliyehamia akruali keshi hakuiacha, ameibeba zote mbili. Na inahitaji watu. Ofisi ambayo hata rejista ya mali haijakamilika, ukiipa bajeti ya akruali unaipa makadirio juu ya makadirio, na kila kadirio ni mlango wa mtu kujipunguzia gharama.

Leja Kuu
Lakini makadirio hayohayo tayari yapo kwenye hesabu za mwaka mkuu. Kama hayafai kwa bajeti mbona yanafaa kwa hesabu?

Mzee wa Vocha
Kwenye hesabu odita anayakagua baada ya mwaka. Kwenye bajeti yanakuwa ruhusa kabla ya mwaka, hamna wa kuyakagua. Hapa mimi na wewe hatutakubaliana leo, na wataalamu wa fedha za umma nao wamegawanyika, nchi nyingi zilizohamisha hesabu zao bajeti wameiacha kwenye keshi au kwenye ahadi.

kasma_tupu
Sasa mimi na hali yangu, bajeti keshi, hesabu akruali. Bosi anauliza kwanini ripoti mbili za ofisi moja hazifanani na anataka nirekebishe moja ifanane na nyingine. Nifanyeje?

Mzee wa Vocha
Usirekebishe! Tafadhali. Kutofanana sio kosa, kosa ni kutokueleza. Kiwango cha IPSAS 24 kinataka uonyeshe bajeti ya awali, bajeti ya mwisho baada ya uhamisho na nyongeza, na matumizi halisi kwa msingi uleule wa bajeti, alafu ueleze tofauti kubwa zimetoka wapi. Na pale misingi inapotofautiana unaweka upatanisho. Wewe panga ile safari ya kutoka 88 mpaka 79 niliyokupa juu.

dada_odita
Mzee samahani nikurekebishe kidogo, mdogo wetu asije akaandikiwa hoja. Kwa taasisi yenye hesabu za akruali na bajeti ya msingi mwingine, IPSAS 24 inakupeleka kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, haikupeleki moja kwa moja kwenye gharama. Kwahiyo 88 yake aigawe, 68 ni shughuli za uendeshaji na 20 ya mashine ni uwekezaji, hapo imegota kwenye mtiririko wa fedha. Kutoka 68 kwenda 79 ni upatanisho mwingine, ule wa mtiririko wa uendeshaji na ziada au nakisi ya mwaka: toa 14, ongeza 21, ongeza 4. Jibu ni lilelile ila ziko noti mbili, na odita atazitafuta sehemu mbili.

Mzee wa Vocha
Nimepokea dada, uko sahihi. Nimezoea kuwaeleza wakubwa kwa mstari mmoja ndio maana.

Nyota_ya_Jioni
Nimejifunza mengi ila bado jambo moja. Hiyo 115 itaandikwa wapi sasa? Maana mmetaja ripoti zote na sijaiona kwenye hata moja.

dada_odita
Dada umeuliza swali ambalo wahasibu tumelipita. Kwa viwango haina ukurasa wake. Ile 21 iko kwenye mizania, lakini ile 6 sio deni mpaka mzigo ufike, kwahiyo kwenye akruali haimo, na kwenye keshi haimo. Inaishi kwenye daftari la kasma tu. Mimi huwa nashauri ripoti ya bajeti iwe na safu ya ahadi ambazo hazijalipwa kando ya safu ya malipo, ili atakayeona "imebaki 12" aone kando yake 27. Taasisi nyingine zinakubali, nyingine wanasema mpaka hazina ibadilishe fomu.

kasma_tupu
Nimerudi wakuu. Nimeenda stoo nimekaa na kitabu cha mapokezi mchana mzima. Ile 21 imegawanyika. Milioni 12 zina oda halali za ndani ya mwaka. Milioni 9 mzigo umepokelewa na hakuna oda kabisa, ni kama alivyosimulia kaka saplaya, na nimeikuta rasimu ya oda kwenye mfumo tayari imeandaliwa kwa tarehe ya mwaka mpya ikisubiri kuidhinishwa. Nimemwonyesha bosi. Hakukasirika, alinyamaza muda mrefu alafu akaniambia niandike safu ya ahadi kwenye ripoti na atasaini yeye, ila ya hiyo 9 anataka kwanza kuongea na afisa masuuli.

Kuna jingine. Ule mzigo wa oda ya 6 umefika juzi, siku ya pili ya mwaka mpya. Mtu wa manunuzi ananiomba hati ya kupokelea isomeke siku ya mwisho ya mwaka jana, anasema tukiiandika tarehe ya kweli oda itakuwa imekufa na saplaya atasumbuka kulipwa.

saplaya_mvumilivu
Mdogo wangu, mimi ni saplaya na nakuomba usifanye. Tarehe ikishachezewa, siku ya kudai mimi ndio naonekana mwongo.

dada_odita
Usisaini. Andika tarehe ambayo mzigo umefika kweli, piga picha hati ya dereva ya kuletea mzigo maana ina tarehe yake pia na mhuri wa getini, weka nakala kwenye faili. Alafu andika barua ya kuomba oda hiyo ihuishwe kwenye ruhusa ya mwaka mpya, ukiambatanisha oda ya zamani. Nchi nyingine sheria inaruhusu ahadi zilizo wazi zivuke mwaka kwa kipindi fulani, nyingine oda inakufa na inabidi itolewe upya. Ya kwenu inasemaje?

kasma_tupu
Sijui bado dada. Kesho asubuhi naingia kwa mwanasheria wa ofisi na hati zote mbili mkononi, ntaleta jibu hapahapa.